Msaada: mbona "Bring..." na "Don't..." zote zinaishia "will you"?

MamaKisauni

Assalam aleikum wanajukwaa. Nina daftari la mwanangu wa gredi ya 8 hapa mbele yangu, na zile tegi za Kiingereza zinanitatiza, yaani "isn't it", "don't they" na wenzake wanaobandikwa mwisho wa sentensi baada ya koma. Kapewa sentensi 5, zote kakosa. Alivyojaza ni hivi:

1. The ferry leaves at six, isn't it?
2. Bring the chair inside, don't you?
3. Don't lean on the rail, do you?
4. Let's wait for Mama, don't we?
5. Tell Grandpa the tea is ready, isn't it?

Mwalimu kasahihisha kwa wino mwekundu: ya 1 "doesn't it", ya 4 "shall we", na ya 2, 3 na 5 zote "will you". Ya 1 naielewa. Kinachonishinda ni ya 2 na ya 3. Wanafundishwa kwamba sentensi ikiwa yakinishi tegi inakuwa kanushi, na kinyume chake. Sasa moja inaagiza lete, nyengine inakataza usiegemee, vipi zote zipate tegi moja? Na ya 5 ina "is" waziwazi, mbona haikuhesabiwa? Nataka kumweleza sababu, si kumkaririsha.

Kijana_wa_Bamburi

Wa aleikum salaam. Kanuni ni moja tu bi mkubwa: geuza. "Bring" haina ukanusho, basi tegi ni "won't you". "Don't" ina ukanusho, basi tegi ni "will you". Mwalimu kakosea ya 2. Ya 5 nayo unatazama kitenzi kikuu kila mara, ambacho ni "tell", hiyo "is" ni ya ndani. Imekwisha.

Maalim_wa_Likoni

Kijana, ya 5 umepatia nusu, nitairudia. Ya 2 mwalimu hakukosea.

Tuanze na ya 1, maana sababu ya zote imo mle. Tegi ya kawaida haina kitenzi chake yenyewe, inaazima kitenzi kisaidizi cha sentensi. "The ferry has left" inaazima "has", unapata "hasn't it". "The ferry leaves" haina kisaidizi kinachoonekana, kwa hiyo analetwa "does", na ile s ya "leaves" ndiyo inayokwambia ni "does" na si "do". Halafu tunageuza ukanusho kwa sababu msemaji anataja jambo, kisha anampa msikilizaji nafasi ya kulikubali au kulipinga: inaondoka saa hizo, au haiondoki?

Sasa chukua "Bring the chair inside". Utaazima nini hapo? "Bring" ya amri haina wakati. Si iliyopita, si ya sasa, wala haichukui s. Mtendaji naye hakutajwa, tunajua tu kuwa ni "you". Tena amri haiwi kweli wala uongo. Huwezi kumuuliza mtu kama ni kweli kwamba "lete kiti". Linaloweza kuulizwa ni kama yuko tayari kulitenda, na utayari huo Kiingereza huuulizia kwa "will". Ndiyo maana ni "will you".

Na kama tegi inauliza utayari, haina haja ya kugeuka. "Don't lean on the rail, will you?" nayo inaomba utayari, utayari wa kutoegemea. Kuna kosa kwenye ya 3 ambalo ningelishughulikia taratibu, maana mtoto alitumia akili. Kaona "Don't", kaona "do" ndani yake, kaiazima kama alivyofundishwa. Lakini "do" ile haikuja na wakati wowote, imekuja kubeba "not" tu. Mwandikie hizi mbili moja juu ya nyengine:

You don't lean on the rail, do you?
Don't lean on the rail, will you?

Ya juu ina "You" mbele. Ni maelezo ya tabia ya mtu, kwa hiyo inaazima "do" na inageuka. Ya chini imeanza na kitenzi bila mtendaji, kwa hiyo ni amri. Ukimzoesha kutazama mwanzo wa sentensi kabla ya kutazama kitu chengine chochote, kosa hilo litamtoka.

Kijana_wa_Bamburi

Sawa maalim, lakini "won't you" nimeiona vitabuni baada ya amri. "Sit down, won't you?" Utasema ni makosa?

Maalim_wa_Likoni

Si makosa hata kidogo, ila ina kazi yake. "Won't you" hukaa vizuri kwenye ukaribisho na ombi la upole: "Have some more tea, won't you?" Mgeni yuko barazani, unamsihi aongeze. "Will you" ni pana zaidi, inabeba agizo, ombi, hata hasira. "Be quiet, will you?" utaisikia kila siku kwa wenye lugha yao, lakini "Be quiet, won't you?" inageuka kuwa kubembeleza. Kwa hiyo kanuni yako ya geuza ilikupa jibu linalokubalika kwa bahati tu, na sababu yake haikuwa hiyo. Ushahidi ni upande wa pili: kungekuwa na kugeuza kwa kweli, amri yakinishi isingepokea "will you" kabisa, nayo inapokea. Katazo ndilo lenye mlango mmoja. "Don't lean on the rail, won't you?" haisemwi.

Zipo pia "would you", "can you" na "could you", kama "Pass me the salt, could you?" Hizo ni za amri yakinishi. Baada ya "Don't" baki na "will you".

BintiMajengo

Kwenye mtihani lakini, wakiweka "Come in, ____?" anayesahihisha atakubali "won't you"? Mimi nasahihisha karatasi za shuleni kwetu na kila mwalimu ana lake. Mmoja anakubali zote mbili, mwengine anataka "will you" peke yake.

Maalim_wa_Likoni

Kwa lugha yenyewe zote ni sawa kwenye "Come in". Mwanafunzi asiyejua mwalimu wake anataka nini aandike "will you", hakuna atakayeikata. Kuhusu huyo anayekata "won't you", hilo ni la kuelewana nyinyi wenyewe ofisini.

Salim_wa_Hotelini

Samahanini nachomekea. Mimi niko mapokezi hotelini pande za Nyali, na hizi tegi zinanitesa. Juzi mgeni kaniuliza "You don't have a room for tonight, do you?" Vyumba vimejaa, nikamjibu "Yes", yaani ndiyo, usemavyo ni kweli. Akaanza kufungua pochi alipe! Hapo ningetumia tegi gani?

BintiMajengo

Kaka Salim, wewe si wa kuweka tegi hapo, tegi kaiweka mgeni. Tatizo lako ni jibu. Kiswahili unasema "ndiyo, hatuna" ukiafiki maneno ya mwenzio. Kiingereza "Yes" na "No" hazimwangalii msemaji, zinaangalia hali yenyewe: chumba kipo, "Yes, we do", hakipo, "No, we don't", hata kama mgeni mwenyewe ndiye kaanza kukanusha. Usiache "Yes" au "No" peke yake, malizia na "we do" au "we don't" ili asibaki akikisia.

MamaKisauni

Maalim shukran sana, ya 2 na ya 3 zimeningia. Zimebaki ya 4 na ya 5. Na kwa nini "Let's" haichukui "will you" kama amri nyengine?

Maalim_wa_Likoni

Kwa sababu ndani ya "Let's" msemaji naye yumo. Si wewe fanya, ni sisi tufanye. Mtendaji ni "we", na pendekezo la pamoja huulizwa kwa "shall": "Let's wait for Mama, shall we?" Ukikanusha haibadiliki: "Let's not wait, shall we?"

Ila mtego upo kwenye "Let us" iliyoandikwa kwa kirefu. Mtu kasimama kwenye lango la feri, askari kamzuia yeye na wenzake, anamwambia: "Let us through, will you?" Hapo "us" haimhusishi askari. Askari anaombwa aruhusu, kwa hiyo mtendaji ni "you" na tegi inarudi "will you". Sisi hapa tuna kipimo cha bure. Iseme sentensi kwa Kiswahili. Ikitoka "tungoje" au "twende", ni "shall we". Ikitoka "turuhusu" au "tuachie tupite", ni "will you". Mtoto wa Kisauni hakosei hapo.

Ya 5 sasa. "Tell Grandpa the tea is ready." Ipe mtoto kwa hatua. Kwanza, sentensi imeanzaje? Na "Tell", hakuna mtendaji mbele, ni amri. Pili, anayeamrishwa nani? Msikilizaji, "you". Tatu, ukiweka "isn't it" utakuwa unauliza kuhusu chai, wakati shughuli ya sentensi ni kumtuma mtu kwa babu. Ile "the tea is ready" ni ujumbe tu anaoubeba. Kwa hiyo "will you".

Na hapa ndipo kanuni ya Kijana ya kutazama kitenzi kikuu kila mara inapoteleza. Tazama "I think the tea is ready". Kitenzi cha kwanza ni "think", lakini hakuna anayesema "don't I?" pale. Ni "isn't it?", kwa sababu "I think" inapunguza ukali tu, habari yenyewe ni chai. Na ukisema "I don't think the tea is ready", tegi ni "is it?", maana ule ukanusho wa mbele unahesabiwa kana kwamba umo kwenye chai.

Kijana_wa_Bamburi

Hiyo ya "I think" sikuijua. Je, "He thinks the tea is ready"?

Maalim_wa_Likoni

"Doesn't he?" Mawazo ni ya mtu mwengine, kwa hiyo yenyewe ndiyo habari. Ule mchezo ni wa "I" pamoja na vitenzi vya kudhani kama "think", "suppose" na "believe".

Mzee_Kongowea

Mmesahau sauti. "Close the door, will you?" ukiipandisha mwishoni ni ombi la kistaarabu. Ukiishusha, mtu anajua umeshachoka naye. Mtoto aisome kwa mdomo, asiiandike tu.

BintiMajengo

Na "Let me carry the bag" mnaifanyaje? Mimi huwafundisha "will you", kwa kuwa ni kuomba ruhusa: niachie nibebe.

Maalim_wa_Likoni

Kwa maana ya niachie, ni "will you", sina ugomvi. Lakini mtu akijitolea kubeba kwa hisani utasikia pia "shall I?", na wapo wanaofundisha "may I?" Mimi kwenye zoezi la darasani siiweki kabisa sentensi hiyo.

BintiMajengo

Mimi naiweka, maalim, na "shall I" naikata. Anayejitolea bado anaomba aachiwe mzigo.

MamaKisauni

Nimempa nyengine 4 ajaribu: "Don't be late", "Let's not quarrel", "Let us in", "You never lock the gate". Tatu za mwanzo kapata. Ya mwisho kaandika "don't you".

Kijana_wa_Bamburi

"Do you", bi mkubwa. "Never" ni ukanusho tayari japo hakuna "not", na mbele kuna "You", kwa hiyo si amri. Mpe na "hardly" na "nobody" kesho.