Mjadala: v dv/dx ibaki darasani, au nishati inatosha?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Mlinganyo kama x″ = f(x, x′), usio na t ndani yake, tunafundishwa kuupunguza kwa kuandika x″ = v dv/dx. Kuna walimu wanaosema huo ni mzunguko usio na faida, eti tutumie nishati moja kwa moja. Nyie mnaonaje, ifundishwe au iachwe?"

Mwalimu wa fizikia, sekondari: Iachwe. Chukua x″ = −x. Njia hiyo inakupa v dv/dx = −x, ukiintegreti unapata v² + x² = C. Hiyo ni nishati ile ile. Kwa nini nimzungushe mtoto wakati sheria ya nishati anaijua tangu zamani?

Mhandisi mitambo: Mwalimu, hapo uko sahihi kwa sababu kani inategemea mahali peke yake. Weka ukinzani wa hewa uone. Mpira unarushwa wima juu kwa kasi ya 20 m/s, na hewa inaupunguza kwa kiasi kinacholingana na v². Unapopanda:

v dv/dx = −(g + kv²)

Chukua g = 9.8 na k = 0.01 kwa kila mita. Hapa nishati haihifadhiki, na huwezi kujua hewa imekula kiasi gani kabla ya kujua v katika kila kimo. Lakini v na x zinatengana vizuri: dx = −v dv/(g + kv²). Integreti kutoka v = 20 hadi v = 0, utapata

H = (1/2k) ln(1 + k·20²/g) = 50 ln(1.408) ≈ 17.1 m

Bila hewa ungefika 20.4 m. Muda haukuhitajika hata mara moja, na hiyo ndiyo nguvu yake: swali liliuliza kimo, halikuuliza sekunde.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: Nimeendelea na mlinganyo huo huo mpaka mpira ukarudi chini. Nimepata unatua na 20 m/s.

Mhandisi mitambo: Jibu hilo linajishitaki lenyewe. Mpira uliosuguana na hewa kwenda na kurudi hauwezi kutua na kasi ile ile uliyoondoka nayo. Ukishuka, hewa inasukuma kuelekea juu, kwa hiyo alama ya kv² inageuka. Pima x kwenda chini kuanzia kileleni: v dv/dx = g − kv². Hapo v² = (g/k)(1 − e^(−2kH)), yaani 980 × 0.29, na kasi ya kutua ni kama 16.9 m/s. Kila v inapopita sifuri, simama, uandike mlinganyo upya.

Fundi wa mota: Mimi nina bembea inayosukumwa na mota, x″ + x = cos t. Nimeweka v dv/dx ila t imegoma kuondoka. Nimekosea wapi?

Mhandisi mitambo: Hujakosea hesabu, ndugu yangu. Mota yako inajua saa ngapi. Bembea ikipita pale pale kwa kasi ile ile lakini kwa wakati mwingine, inasukumwa tofauti, kwa hiyo x na v pekee hazitoshi. Njia hii haikuhusu, tafuta nyingine.

Mhadhiri wa hisabati: Naunga mkono ibaki, ila ifundishwe na hatari yake, ambayo sijaona mtu akiitaja. Rudi kwa x″ = −x ya Mwalimu, ianze ikiwa imetulia kwenye x = 1. Tunapata v² = 1 − x², halafu mwanafunzi anaandika x′ = −√(1 − x²). Sasa jaribu x = 1 daima: pande zote mbili ni sifuri, mlinganyo umeridhika! Lakini x″ ingekuwa 0 wakati −x ni −1. Jibu hilo ni la bandia. Limeingia tulipozidisha kwa v, kwani kuzidisha kwa sifuri kunaficha habari. Kwa hiyo kila jibu ambalo v yake ni sifuri muda wote lirudishwe kwenye mlinganyo wa mwanzo likapimwe.

Mwalimu wa fizikia, sekondari: Hoja ya mpira naikubali. Ya mhadhiri ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi: mtoto wa kidato cha sita ataikariri njia na kusahau kupima. Nishati haimwambii uongo huo.

Mhadhiri wa hisabati: Inamwambia, Mwalimu. v² + x² = 1 ndiyo nishati yako, na x = 1 daima inairidhisha pia.

Mwalimu wa fizikia, sekondari: Hapo sina jibu. Hata hivyo darasani kwangu nitaanza na nishati, v dv/dx ije siku ya ukinzani wa hewa.

Mhandisi mitambo: Mimi ningeanza na ukinzani.