Madirisha yananenepa nikiyavuta kwenye monita, kitufe cha Save hakionekani

VitabuSafi (Kisumu)

Habari zenu. Naandika vitabu vya hesabu vya maduka madogo hapa mjini, agrovet nyingi, na nina shida inayonila muda kila siku.

Laptopu yangu ni ex-UK, inchi 14, skrini yake 2560 x 1440. Nilipoinunua ilikuwa imewekwa Scale ya asilimia 200 na mimi sijaigusa, maandishi yanasomeka vizuri. Mwezi uliopita nilinunua monita ya mtumba, inchi 24, 1920 x 1080, naiunga kwa HDMI. Yenyewe iko asilimia 100. Windows ni 11.

Kivinjari na Excel hazinisumbui. Shida ni programu yangu ya hesabu, ambayo ni ya zamani, About yake inasema 2009. Kwenye laptopu inakaa sawa. Nikiivuta hadi kwenye monita inanenepa maradufu. Dirisha la kuingiza ankara linashuka hadi nje ya skrini, safu ya mwisho ninayoiona ni ya VAT, na kitufe cha Save kiko chini huko kusikofika macho. Naingiza ankara kwa kubonyeza Tab nikihesabu kimoyomoyo, kisha Enter. Jana nilihesabu vibaya nikafuta ankara ya mteja badala ya kuihifadhi.

Mwanzoni programu hiyo hiyo ilikuwa ndogo kwenye monita, yenye ukungu, kama maandishi ya fotokopi iliyopigwa mara tatu. Nikampelekea fundi, akabofyabofya, ukungu ukaisha na unene ukaanza. Nisaidieni, mwenye kosa ni nani kati ya hawa wawili, laptopu au monita?

KondeleMtaa

Dada, rahisi sana. Zifanye zilingane. Nenda Display, weka laptopu 1920 x 1080 kama monita, halafu Scale zote mbili ziwe 100. Mimi ndivyo nilivyofanya na sijasumbuka tena.

Section58 (Nakuru)

Hata mimi yalinikuta. Nilikuwa naunga laptopu kwenye TV ya sebuleni na kingo zote zilikuwa zimekatwa, hata upau wa chini sikuuona. Dawa ilikuwa kwenye rimoti ya TV, si kwenye kompyuta: sehemu ya ukubwa wa picha, kwangu inaitwa Just Scan. Angalia menyu ya monita yako.

VitabuSafi (Kisumu)

@KondeleMtaa nimejaribu sasa hivi. Ni kweli programu hainenepi tena, na Save nimeiona. Lakini kwenye laptopu maandishi yamekuwa madogo mno na yana ukungu kila mahali, hata kwenye kivinjari ambacho hakikuwa na shida. Nimerudisha.

@Section58 asante, ila kwangu kingo za monita zinaonekana zote. Ni dirisha la programu moja tu linalozidi.

Mzee_wa_Waya (Kakamega)

Dada VitabuSafi, usiuze monita wala laptopu. Ndugu wa Kondele amegusa nusu ya jambo. Namba zikilingana madirisha hayabadiliki ukubwa, hapo yuko sawa. Lakini skrini ya laptopu imetengenezwa na nukta 2560 kwa upana. Ukiilazimisha 1920, kila nukta ya picha inapaswa kujaza nukta moja na theluthi ya kioo, na theluthi haigawanyiki, ndiyo maana umeona ukungu kila mahali. Tena nukta za inchi 14 zimebanana kuliko za inchi 24, kwa hiyo maandishi ya asilimia 100 pale lazima yawe madogo. Yeye huenda laptopu yake ni ya 1920 kiasili na ana macho ya ujana.

Namba zako za mwanzo zilikuwa nzuri. Skrini yako ya laptopu ina nukta kama 210 kwa inchi, monita kama 92. Ukiweka 200 na 100, kitu chenye sentimita 2.3 kwenye laptopu kitakuwa karibu 2.6 kwenye monita. Monita unaikalia mbali kidogo, basi machoni vinakaribia kulingana. Usiziguse.

Nataka uniangalizie mambo mawili. Fungua programu yako, kisha Task Manager, nenda Details. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns, weka alama kwenye DPI Awareness. Niambie programu yako imeandikwa nini. La pili: asubuhi unaanza kuingia kwenye akaunti au unaanza kuchomeka HDMI?

VitabuSafi (Kisumu)

Imeandikwa Per-Monitor. Excel pia imeandikwa hivyo.

Asubuhi naingia kwanza, nachomeka baadaye nikishakaa mezani. Na kusema kweli siku nyingi sifungi kabisa, nafunika tu kifuniko jioni.

Mzee_wa_Waya (Kakamega)

Hapo ndipo penyewe. Per-Monitor maana yake programu inadai: nitajipima upya kila ninapohamia skrini nyingine, Windows usiniguse. Uwezo huo ulikuja na Windows 8.1, mwaka 2013. Programu ya 2009 haiwezi kuujua. Kuna mtu ameilazimisha kudai isichokiweza, na nadhani ni fundi wako, kwa nia njema tu, alipotaka kuondoa ukungu.

Sikiliza inavyokwenda. Programu za umri huo huuliza kipimo mara moja tu, na jibu zinalopewa ni la skrini kuu ulipoingia kwenye akaunti. Wewe umeingia na laptopu peke yake, ikaambiwa 200. Sasa inachora kila kitu maradufu. Dirisha la ankara ambalo kiasili lina urefu wa nukta 620, tuseme, linachorwa 1240. Laptopu ina 1440, linatosha. Ukilivuta kwenye monita yenye 1080, nukta 160 za chini hazina pa kukaa, na Save yako imo humo.

Kabla ya fundi, Windows ilikuwa inalichukua hilo dirisha la maradufu na kulibana nusu lifae monita. Ukubwa ulikuwa sahihi, ila picha iliyobanwa hupoteza ncha za herufi. Hiyo ndiyo fotokopi yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga programu. Bofya kulia faili yake ya .exe, Properties, Compatibility, Change high DPI settings. Chini utakuta Override high DPI scaling behavior ina alama na imewekwa Application. Ondoa alama, OK. Ukiifungua tena safu ile itasema System. Kisha kwenye Display chagua monita, weka alama kwenye Make this my main display. Mwisho, HDMI ikiwa imechomekwa, toka kwenye akaunti kwa Sign out na uingie upya. Kufunika kifuniko hakutoshi, kipimo cha zamani hubaki.

Ikikukwama njiani na Save haionekani, bonyeza Alt na Space, kisha M, halafu mshale wa juu. Dirisha litapanda hata kama kichwa chake kitatoka nje. Usihesabu Tab tena kwa pesa za watu.

VitabuSafi (Kisumu)

Mzee, alama ilikuwepo! Application, kama ulivyosema. Nimeiondoa, nimefanya monita kuwa kuu, nimetoka na kuingia. Sasa safu inasema System, dirisha la ankara liko lote kwenye monita, na herufi ni kali hadi nimeona nukta za desimali ambazo nilikuwa nakisia.

Mawili yamebaki. Nikiirudisha programu kwenye laptopu sasa ndiko kwenye ukungu. Na kipanya kinagonga ukuta: nikitoka laptopu kwenda monita kupitia sehemu ya juu hakipiti, mpaka nikishushe.

BungomaPengwini

Samahani naingilia. Mimi natumia Linux, laptopu inchi 13 na monita kama hiyo, na kila kitu, si programu moja, ama ni kikubwa kwenye monita ama ni kidogo kwenye laptopu. Sina hiyo Compatibility. Nifanye nini?

Mzee_wa_Waya (Kakamega)

@BungomaPengwini andika hii kwenye terminali:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Ikijibu x11, shida ni hapo, kipimo kimoja hutumika kwa skrini zote. Toka, na kwenye ukurasa wa kuingia chagua Wayland, utaweza kuipa kila skrini kipimo chake. Ikijibu wayland tayari, fungua uzi wako, yako itakuwa nyingine.

Dada, ukungu wa laptopu ni shida ile ile iliyogeuzwa. Sasa programu imeambiwa 100, na Windows inaivuta maradufu ikifika kwenye laptopu. Hesabu zako zinafanyika kwenye monita, basi ibaki huko. Ukienda nayo nyumbani bila monita, Sign out na kuingia tena, itaambiwa 200 na itakuwa kali.

KondeleMtaa

La kipanya nalijua, hili lilinisumbua kweli. Fungua Display uangalie yale maboksi mawili. Yanachorwa kwa nukta, hayajui inchi, kwa hiyo laptopu yako ndogo inaonekana boksi kubwa kuliko monita! Yakiwa yamepangwa sawa kwa chini, laptopu inazidi kwa nukta 360 juu, ambayo ni robo ya kioo chake, na hapo hakuna mlango. Buruta boksi la monita upandishe hadi pale unapopita zaidi. Pia chini ya Multiple displays kuna Ease cursor movement between displays, iwashe.

Mzee_wa_Waya (Kakamega)

Kweli kabisa, na ile ya Ease sikuikumbuka.

VitabuSafi (Kisumu)

Kipanya kinapita sasa, asante kaka. Mzee, ila mimi huhama na laptopu kwa wateja mara mbili tatu kwa siku. Kutoka na kuingia kila mara, na kufunga faili zote? Pale palipokuwa Application nimeona kuna chaguo la System (Enhanced). Hilo je?

Mzee_wa_Waya (Kakamega)

Lijaribu, dada. Hapo Windows huchora upya maandishi yenyewe kwa kila skrini, bila kukutoa kwenye akaunti. Hufanya kazi kwa programu zinazochora kwa njia ya zamani ya Windows, ile ya GDI, na yako kwa umri wake inaweza kuwa mojawapo. Picha ndogo za vitufe zitabaki na ukungu, maana hizo si maandishi.

VitabuSafi (Kisumu)

Nimeweka. Fomu ya ankara iko safi pande zote mbili, bila Sign out. Vitufe vya juu vina ukungu kidogo, navumilia. Lakini ripoti ya mwezi nikiitazama kabla ya kuchapa, kwenye laptopu bado ni fotokopi, na kwenye karatasi inatoka vizuri. Kuna aliyewahi kuipata ile ya kutazama ikawa kali?

Section58 (Nakuru)

Jaribu kuichapa kwenye Microsoft Print to PDF, uitazame ukiwa kwenye PDF. Mimi hufanya hivyo na risiti.