Tupeane uzoefu: kuwajibu wateja kwa chati ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo

Mwanagenzi wa Sakina: Wakuu, niko katika mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya usafiri hapa Arusha, na kazi yangu ni kujibu chati za wateja. Juzi mama mmoja aliuliza gari la Nairobi linaondoka saa ngapi. Mfumo ulionyesha 08:00, nami kwa haraka nikaandika, “Saa 8, karibu sana.” Jibu lilikuwa fupi na lenye ukarimu, lakini mama alifika saa 7:30 mchana akitokea Moshi, ilhali gari lilikwishaondoka saa 2 asubuhi. Wenzangu mnaepukaje makosa ya namna hii?

Mkongwe wa Dawati: Pole. Saa za mfumo hazinakiliwi, zinatafsiriwa: toa sita, au ongeza sita kama ni 06:00 au kabla yake, na jibu likizidi 12 toa 12, kisha taja kipindi cha siku. Mimi ningeandika hivi: “Shikamoo mama. Gari la kesho Alhamisi linaondoka saa 2:00 asubuhi. Tafadhali fika saa 1:30, ukiwa na pasipoti.” Sentensi ni chache, ila siku imetajwa, na jambo ambalo angeliuliza baadaye, yaani hati ya kuvukia Namanga, limekwisha kujibiwa.

Kijana wa Njiro: Dawa ni kuandika 08:00 kwa kila mtu, basi.

Mkongwe wa Dawati: Kwa mgeni wa kutoka ng’ambo, sawa. Bibi yangu wa Kibosho angeisoma “saa nane” bila kusita. Ninapokuwa na shaka huandika zote mbili: “saa 2:00 asubuhi, kwenye tiketi imeandikwa 08:00.” Hatari zaidi ni usiku. Ndege inayotua KIA saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi, tiketi yake husema Jumamosi 01:00, ila wengi wetu huita huo usiku wa Ijumaa. Ukiandika “Jumamosi usiku”, dereva atakwenda kumpokea mgeni aliyekwishafika karibu siku nzima kabla yake.

Mama Mteja: Mimi kero yangu ni kusubiri. Niliuliza bei nikakaa dakika arobaini, kisha nikaletewa maua na vikatuni vya kucheka.

Mwanagenzi wa Sakina: Mama, samahani, hapa tulikuwa kwenye saa za safari, ingawa neno lako limenigusa, kwa maana mimi pia huweka maua.

Mkongwe wa Dawati: Kama jibu halipo, andika, “Ninamuuliza mhasibu, nitakujibu kabla ya saa 5 asubuhi,” kisha urudi kabla ya saa hiyo hata kama mhasibu bado hajasema kitu.

Mwanagenzi wa Sakina: Nashukuru. Sasa yule mama nilimwandikia, “Kosa ni langu, nilikosea saa,” na msimamizi akasema nisingekiri kabla suala la nauli halijaamuliwa.

Kijana wa Njiro: Msimamizi yuko sahihi.

Mkongwe wa Dawati: Kuhusu nauli, ndiyo. Kuhusu saa, yule mama anayo maandishi yako kwenye simu yake.