Sakitu imeunguza viazi vyangu tu, vya jirani aliye juu vimepona. Shemeji ananidanganya?

KaraiYaMalindi (mwanzisha uzi)
Assalam aleikum wadau. Mimi nakaanga viazi karai hapa Malindi, na nilichoka kununua gunia kwa bei ya madalali. Oktoba nikakodi ekari moja Kinangop, kwao mke wangu, shemeji akakubali kunisimamia. Tukapanda Shangi. Mbegu, mbolea, dawa, vibarua, yote yametoka mfukoni mwangu.

Wiki mbili zilizopita akanipigia alfajiri. Ati sakitu, ile baridi ya kugandisha, imepiga, majani yote meusi. Nikampa pole. Kisha mke wangu akaniambia viazi vya jirani wa upande wa juu vinachanua, na kutoka kwake hadi kwangu ni hatua mia mbili hivi za mteremko.

Mimi nimezaliwa mchangani, mlima mrefu niliopanda ni vile vilima vya mchanga vya Mambrui. Lakini najua kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Basi si huyo wa juu ndiye angeungua kwanza? Halafu nimeona video ya upepo wa Ulaya, ukishuka mlima unakuwa wa moto mpaka unayeyusha theluji. Shamba langu liko chini ya mlima. Huo upepo wa moto kwangu haukufika? Sitaki kumvunjia shemeji heshima, ila naona kama naibiwa.

NahodhaWaTanga
Ndugu yangu, hilo si geni. Huku Lamu upepo wa nchi kavu twauita umande. Usiku wa manane washuka polepole, baridi, wanusa majani na moshi wa kuni, nasi twautumia kutoka na mashua kabla ya mapambazuko. Jua likipanda wakatika. Ila Januari kaskazi ina nguvu, umande hausikiki sana. Kama wataka kwenda kuvua ngoja hadi Machi.

KaraiYaMalindi
Ahsante nahodha, lakini mimi naulizia viazi 😅

MwalimuMstaafu
Swali zuri, na mwanzisha uzi una haki ya kutilia shaka. Hewa ikishuka inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na ikibanwa inapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Kila mita 1000 inazoshuka inaongezeka digrii 10 hivi. Mji wa Spearfish, Marekani, tarehe 22 Januari 1943, upepo wa namna hiyo ulipandisha joto kutoka digrii 20 chini ya sifuri hadi 7 juu ya sifuri ndani ya dakika mbili. Kwa hiyo hewa iliyoshuka kutoka Aberdare hadi shambani kwako ilipaswa kuwa na joto kuliko ya jirani. Nadhani hiyo si sakitu, ni ugonjwa wa bakajani. Shemeji hakupiga dawa.

KibandaCheupe
Mwalimu, nusu ya kwanza umesema kweli tupu. Hitimisho ndilo limeteleza.

Nilisoma vipimajoto vya kituo cha hewa huko bara miaka mingi kabla sijarudi Lamu. Kuna hewa za namna mbili zinazoshuka mlimani, na zinatofautiana kwa kitu kimoja: nani anazishusha. Ule wa Ulaya unasukumwa. Upepo mkubwa unagonga safu ya milima, unavuka, unaporomoka upande wa pili kwa mita elfu mbili au tatu, upende usipende. Ule wa Kinangop usiku hausukumwi na mtu. Unashuka kwa uzito wake wenyewe, kwa sababu umepoa.

Fikiria usiku wa Januari huko. Kaskazi imeleta hewa kavu, mbingu nyeupe, nyota zote nje, hakuna upepo. Ardhi na majani yanapoteza joto lake kwenda angani moja kwa moja, bila wingu la kulirudisha. Hewa iliyogusana na ardhi inapoa nayo, inakuwa nzito, inaanza kutiririka kufuata mteremko kama uji. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea taratibu. Sasa tumia hesabu yako mwalimu: kutoka kwa jirani hadi chini kuna kimo gani? Tuseme mita 40. Kubanwa kwa mita 40 kunaongeza digrii 0.4. Na njia nzima hewa hiyo inalamba majani yaliyokwisha poa, yanayoinyang'anya joto kuliko hicho kidogo ilichopata. Ikifika chini inajikusanya. Nafasi yake huko juu inachukuliwa na hewa ya vuguvugu iliyokuwa imeelea juu ya mashamba. Ndiyo maana jirani amepona.

Kusema kadiri unavyopanda baridi inazidi ni kweli ukilinganisha Malindi na Kinangop. Kwa hatua mia mbili, usiku wa namna hiyo, mambo yanageuka juu chini.

Kuhusu bakajani, ni rahisi kutofautisha. Bakajani inaanza na madoa, inachukua siku kadhaa, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani unaona utando mweupe kuzunguka doa. Kwa sakitu shamba zima linalala likiwa kijani, na jua likishika majani yanalegea kama mboga iliyotiwa maji ya moto, jioni ni meusi. Muulize shemeji ilichukua siku ngapi. Na akutumie picha ya shamba zima akiwa amesimama kwa jirani, si picha ya jani moja.

BintiNjabini
Mimi ni wa huku huku. Hiyo sakitu tunaiita mbaa na kila mtu anajua sehemu za chini, karibu na mto, hupigwa kwanza. Marehemu baba alikuwa na kipande bondeni akawa anapanda nyasi za ng'ombe tu, waru, yaani viazi, anapanda juu. Wageni ndio hukodishiwa bondeni maana huko bei iko chini na udongo ni mweusi mzuri. Samahani kaka, lakini ulikodi kwa bei gani?

KaraiYaMalindi
Dada, bei tuache, nishaanza kuelewa kwa nini ilikuwa nafuu.

Picha zimekuja. Wallahi nimeshangaa. Kuna mstari. Umekata shamba kama alama ya bwawa lililojaa maji, chini yake kumekauka kwa weusi, juu yake kuna matuta kama kumi hivi ya kijani ambayo shemeji hata hakunitajia. Anasema jioni ilikuwa sawa na asubuhi nguzo za ua zilikuwa nyeupe kwa chini tu, vichwa vyake havina kitu. Tena anasema simu yake ilimwonyesha digrii 6 usiku huo, naye akalala bila wasiwasi.

KibandaCheupe
Simu inakupa makadirio ya eneo kubwa, haijui bonde lako. Hata kipimajoto halisi cha kituo kinakaa ndani ya kibanda, kimo cha kifua cha mtu. Nimewahi kusoma digrii 3 kibandani huku nyasi miguuni mwangu zinavunjika kwa barafu.

Huo mstari ndio usoni mwa ziwa la hewa baridi. Umetaja ua. Uko wapi, na ni wa nini?

KaraiYaMalindi
Uko chini kabisa, unakatisha mteremko upande wa mto. Saiprasi, zimeshonana mpaka chini, kimo cha watu wawili. Shemeji alinisifia kwamba zitakinga upepo.

KibandaCheupe
Hilo ndilo bwawa lako. Hewa inashuka, inakuta ukuta, haina pa kutokea, inajaa kurudi nyuma mpaka kwenye ule mstari. Kama mwenye ua ataruhusu, punguzeni matawi ya chini hadi kimo cha kiuno na mfungue mwanya pale shamba linapoinama zaidi. Kabla ya kukata, fanyeni jaribio la bure: saa tatu au nne usiku, pasipo upepo, washeni majani mabichi kidogo upande wa juu mtazame moshi. Utatambaa chini, utafika kwenye ua, utasimama na kutanda. Hapo mtajua bila kubishana.

Halafu nunueni vipimajoto vitatu vya bei ndogo, vile vinavyohifadhi kiwango cha chini cha usiku. Kimoja juu, kimoja katikati, kimoja karibu na ua, vyote kimo cha majani.

Lakini kufungua ua kunasaidia tu kama chini ya ua kuna mahali hewa inaweza kuendelea kushuka. Kama bonde la mto lenyewe limejaa, umehamisha mpaka wa ziwa, hukulikausha.

BintiNjabini
Huku wengine huwasha moto wa takataka usiku kucha. Nimeona kwa macho, waru wanaungua vile vile, na watu wanakohoa wiki nzima. Udongo ukiwa umemwagiliwa mchana afadhali kidogo, unashika joto. Jirani mwingine alirusha maji kwa mashine usiku wote kukawa sawa, siku ya pili mafuta yakaisha saa kumi alfajiri, akapoteza kila kitu.

Ila nina swali kwa mzee. Kuna siku hapa upepo hutoka mlimani kwa kishindo, mkavu, midomo inapasuka, na si baridi. Huo si ule wa mwalimu?

MwalimuMstaafu
Ahaa! Ndio huo. Nilijua tu.

KibandaCheupe
Inawezekana, nisikukatalie. Upepo wa mashariki hupanda Aberdare upande wa pili, unamwaga mvua huko, ndipo unavuka kuja kwenu, na Kinangop kweli ni kukavu kuliko ng'ambo. Tazama hesabu yake: hewa yenye digrii 15 inapanda mita 1000 bila wingu, inabaki na 5. Wingu likifanyika, mvuke unaogeuka maji unarudisha joto, kwa hiyo mita 2000 zinazofuata inapoteza 6 tu kwa kila 1000, inafika kileleni ikiwa 7 chini ya sifuri. Mvua imebaki upande ule. Ikishuka mita 3000 ikiwa kavu inaongezeka 30 kamili, inafika na 23. Imetoka na 15, imefika na 23, hakuna jangwa lililohusika. Watu wa Alpi walidhani joto hilo linatoka Sahara mpaka Julius Hann alipolieleza mwaka 1866.

Lakini kutoka mlimani hadi Kinangop haishuki mita 3000. Ni kama 1400 pale panaporefuka. Kwa hiyo joto lake litakuwa dogo, na huenda unachohisi ni ukavu na jua tu. Dalili yake ni joto kupanda ghafla na unyevu kuanguka saa ile ile, hata usiku. Bila kipimo cha unyevu tutabishana hapa mpaka Ramadhani.

MwalimuMstaafu
Midomo kupasuka ni kipimo tosha, mzee.

NahodhaWaTanga
Sasa umande wetu ni upi kati ya hizo mbili? Lamu hakuna mlima.

KibandaCheupe
Si moja wala nyingine, nahodha. Umande unavutwa na tofauti ya joto kati ya bara lililopoa na bahari ambayo haijapoa. Hauhitaji mteremko. Undugu wake na ule wa Kinangop ni huo usiku wa nyota tu.

KaraiYaMalindi
Mrejesho. Shemeji ameweka vipimajoto. Usiku wa kwanza: juu 5, katikati 3, kwenye ua 1 chini ya sifuri. Moshi ulikwenda ukasimama kwenye saiprasi, amenitumia video, unatanda kama ukungu wa Sabaki. Mwenye ua amekubali tukate matawi hadi kiuno, kwa sharti kuni ziwe zake. Tumekata Jumatano.

Tangu Jumatano mawingu kila usiku, vipimajoto vyote vitatu vinasoma 8 au 9. Sijui kama mwanya unafanya kazi. Yale matuta kumi ya juu tunayapalilia.

Nimemtumia shemeji pesa ya simu na sikumwambia kuhusu uzi huu.