Naomba ushauri: faida ya mwisho wa mwezi ni ya kweli au najidanganya?

Wakuu, nimepima data ya miezi 120 ya mfuko unaofuata fahirisi ya hisa. Nanunua soko likifunga siku ya kazi ya pili kutoka mwisho wa mwezi, nauza soko likifunga siku ya kazi ya tatu ya mwezi mpya. Wastani ni 0.45% kwa mzunguko, mtawanyiko 2%. Kosa sanifu ni 2 ÷ √120, yaani 0.18, hivyo t, yaani wastani ukigawanywa kwa kosa sanifu, ni kama 2.5. Nikafurahi.

Kisha nikatoa kamisheni na pengo la bei ya kununua na kuuza, 0.2% kwenda na kurudi. Inabaki 0.25%, t inashuka hadi 1.4. Mara 12 kwa mwaka, makato yanakula 2.4%!

Kinachonisumbua zaidi: nilijaribu madirisha 16 ya siku za kununua na kuuza, nikabakiza lililong'aa. (Najua, najua.) Nafikiria kuchanganya tarehe ovyo mara 1,000, kila mara nichukue dirisha bora kati ya 16, ndipo nilinganishe na langu. Je, inatosha, au nijaribu pia kwenye miaka ambayo sijaigusa? Na nilinganishe na sifuri, au na siku nne za kawaida?