Mtu amelewa hafai kuendesha mashine, lakini anafaa kupanda pikipiki barabara ya Likasi?

ShefuWaEkipe_Lushi:
Bandugu, leo acha niseme, maana moyo umejaa. Mimi ni shefu wa ekipe kwenye depo moja hapa Lubumbashi. Jina la kampuni silisemi, wenye kuijua wataijua.

Jumatatu tarehe 4 Mei, zamu ya asubuhi, mlinzi wa geti alimpulizisha alkotesti dereva wangu wa mashine ya kupakia. Ikaonyesha 0,31. Alikuwa kwenye arusi huko komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, usiku kucha, bia ya Simba juu ya Simba, kisha lutuku ya kufungia. Alikunywa, sibishi. Ingekuwa mimi nimefika getini kwanza, nisingempa ufunguo wa mashine hata kwa dawa.

Lakini muone walivyofanya. Alipulizishwa mara moja tu, wakati ule ule anafika. Hakuna aliyengoja akapuliza tena, hakuna shahidi, delege wa sindika hakuitwa. Mlinzi aliandika namba kwa bika kwenye kiganja chake. Kiganja! Kisha akamrudishia ufunguo wa pikipiki: "Enda kwako, ukalale." Mtu mliyeona hafai kukaa juu ya mashine ndani ya uzio, mnamwachia katikati ya kamyo za madini! Aliangukia mtaroni kabla ya kufika mjini. Mguu umevunjika.

Halafu kimya. Barua ya kumfukuza kwa kosa zito, bila taarifa ya mapema, imeandikwa tarehe 29 Mei. Na mimi nimepewa barua ya kuomba maelezo: eti kwa nini sikugundua. Nigundue nini wakati mtu ameishia getini?

Mama_Katuba:
Pole kwa mguu. Lakini mlevi ni mlevi. Sheria inaruhusu kumfukuza siku hiyo hiyo, barua ni karatasi tu.

RH_Mstaafu:
Mama, hapo nusu uko sawa. Kosa zito linaruhusu kumwachisha mtu bila taarifa ya mapema. Lakini Kodi ya Kazi, yaani sheria ya kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 72, inataka mwajiri aandike uamuzi wake ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo. Hesabu kuanzia tarehe 5 Mei: hata ukitoa Jumamosi zote, siku ya 15 ni tarehe 25. Barua ya tarehe 29 imechelewa. Kama walitaka muda wa kuchunguza, walikuwa na siku 2 za kazi za kumwandikia kwamba amesimamishwa.

Kuhusu kile kipimo: mtu aliyekunywa au kusukutua dawa ya kinywa muda mfupi kabla, kinywa chenyewe kinadanganya mashine. Unamkalisha dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta, anapuliza tena, na namba zote mbili, saa na majina ya mashahidi vinaandikwa kwenye karatasi ambayo naye anaombwa kutia sahihi. Akikataa kutia, mnaandika kwamba amekataa. Kisha mtu wa kampuni anampeleka nyumbani, au hospitali kama anapepesuka bila harufu, maana sukari ikishuka mtu anaonekana mlevi kabisa.

Kijana_Ruashi:
Si wangemnywesha maziwa na kahawa kali, saa tatu akaanza kazi?

RH_Mstaafu:
Kahawa inakupa mlevi asiye na usingizi. Miligramu 0,31 kwa lita ya pumzi ni karibu gramu 0,6 kwa lita ya damu, na ini linaondoa kama gramu 0,15 kwa saa. Ni muda wa saa 4 hivi, hakuna njia ya mkato.

Fundi_Kolwezi:
Mimi walinipima mkojo, ikatoka bangi. Nilivuta likizoni, wiki iliyopita. Nami nilikuwa nimelewa kazini?

RH_Mstaafu:
Kile kikombe kinaonyesha kwamba ulivuta, hakionyeshi kwamba kichwa kilikuwa kimevurugika siku ile. Kama kanuni za kampuni zinakataza hata mabaki mwilini na ulizitia sahihi, kesi yako ni nyingine. Fungua uzi wako, ndugu.

ShefuWaEkipe_Lushi:
Mzee, asante. Lakini wanasema siku zinahesabiwa tangu direksyo ya Kinshasa ilipopata ripoti, tarehe 12. Wakihesabu hivyo, hawajachelewa.

RH_Mstaafu:
Hilo nimeona likibishaniwa pande zote mbili. Swali ni nani mwenye mamlaka alijua na lini. Kama direkta wa depo alipigiwa simu asubuhi ile, tafuteni ushahidi wa simu hiyo. Dereva aende kwanza kwa mkaguzi wa kazi kwa upatanisho, kabla ya mahakama ya kazi. Abebe barua na karatasi za hospitali.

ShefuWaEkipe_Lushi:
Direkta alikuwa amesimama getini. Alimuona akiwasha pikipiki.

Mama_Katuba:
Ee Mungu. Basi nimenyamaza.

RH_Mstaafu:
Hiyo iandike leo kwenye majibu ya barua yako, na saa yake. Ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.