Uliwahi kumpa ndugu simu yako ya zamani? Tupeane uzoefu

NangaMikindani: Wadau, Jumamosi namtumia mama mdogo simu yangu ya zamani kwa basi la Newala. Ni Tecno. Kule kijijini hana wa kumsaidia, nataka ifike aweke laini tu aanze kuitumia. Mliowahi kutuma, mliifutaje?

Chikundi: Mbona rahisi. Izime, shika kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti pamoja, chagua Wipe data/factory reset. Kwisha habari.

FundiLigula: Chikundi, njia yako ndiyo inayoniletea wateja. Kuna binti alimfutia baba yake hivyohivyo, simu ikaenda Nachingwea. Mzee kuiunga na intaneti, ikadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo, au mchoro wa zamani wa kufungulia. Ni kinga ya wizi, ipo tangu Android 5.1. Ukifuta kwa vitufe, simu haina namna ya kujua wewe ni mwenyewe au mwizi. Bahati binti alikuwa anaukumbuka mchoro, akamwelekeza mzee kupitia simu ya jirani.

Nanga, hamisha kwanza picha na meseji. Kisha ingia Settings, sehemu ya akaunti, gusa Gmail yako, Remove account. Kama ni Samsung, toa na akaunti ya Samsung, nayo ina kufuli lake. Ondoa PIN ya skrini, halafu futa ukiwa humohumo Settings: System, Reset options, Erase all data. Toa laini na memori kadi.

Usiifunge kwenye boksi bado. Iwashe, iunge na waifai. Ikikuletea kuongeza akaunti na neno Skip lipo, iko safi, izime hapohapo. Ikidai akaunti ya zamani, afadhali ikudai wewe uliye nayo mkononi.

MamaTausi: Ya kwangu niliichukua kwa kulipa kidogo kidogo, nikampa mdogo wangu Kilwa Masoko. Niliifuta yote, bado ikawasha na tangazo la deni.

FundiLigula: Hiyo haitoki kwa kufuta, dada. Anaitoa muuzaji, deni likiisha.

MamaTausi: Nimemaliza tangu mwezi wa nane!

Mnacho: Nanga usihofu. Hata ikifika imefungwa, unaingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine, unaitoa kwenye orodha ya vifaa, inafunguka.

FundiLigula: Kwa iPhone sawa, maana kufuli lake linakaa Apple: unaingia iCloud, unaifuta, kisha unaiondoa. Android alama imebaki ndani ya simu yenyewe. Nimeshaona watu wametoa kifaa kwenye orodha na simu bado inadai.

Mnacho: Yangu ilifunguka, Infinix.

FundiLigula: Una hakika hukuandika nywila yako ya zamani?

NangaMikindani: Nywila ya Gmail yangu siikumbuki, na nahofia simu itakuja kuidai. Nibadilishe?

FundiLigula: Badilisha leo, ila kufuta subiri kesho. Google wanataka saa 24 zipite. Basi la Jumamosi utaliwahi.